Piga, Lakini Usipeleke

Simu iliingia Alhamisi, saa mbili usiku, nikiwa nimekaa kibarazani nasubiri umeme urudi. Namba ilikuwa ngeni ila sauti niliitambua kabla hajajitaja.

"Hujambo mwanangu?"

"Sijambo mama, shikamoo."

"Marahaba. Ile picha yangu uliipeleka wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua pa kuanzia. Aliuliza kama mtu anayetafuta sufuria aliyomwazima jirani. Nikamwambia nimeiweka Instagramu, mama, watu wameipenda sana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kuna mtu mmoja ameipenda kuliko wote. Kaja nayo hapa."

Mama huyu anakaanga samaki soko la Feri, Dar es Salaam. Jina lake silitaji, na nguo alizovaa siku ile nazo sizitaji. Miezi mitano kabla ya simu ile alikuwa amekopa laki tano kwa watu wa kausha damu kule alikokuwa akiishi. Alirejesha, akarejesha, ikafika karibu laki saba na bado daftari lao likasema anadaiwa. Akafunga virago, akahamia upande mwingine wa mji kwa dada yake, na genge lake la zamani akaliacha. Pale Feri ndiyo kwanza alikuwa na miezi miwili. Waliokuwa wakimtafuta hawakujua yuko wapi mpaka mimi nilipowaambia, kwa picha nzuri yenye mwanga wa asubuhi na maandishi chini yake: "Feri, saa kumi na mbili na nusu."

Walikuja wawili. Wakachukua karai, chujio na ndoo ya mafuta. Na samaki waliokuwa wameshakaangwa wakala.

Ninachotaka kusema ni kwamba mama yule nilimwomba ruhusa, na akaniruhusu. Picha za kuiba nimepiga pia, nitazifikia, lakini hii haikuwa mojawapo. Kwa hiyo wale mnaosema "omba ruhusa tu, mambo yataisha," nisikilizeni kidogo.

Siku ile nilifanya kila nilichofundishwa. Nilianzia ofisi ya soko, nikajieleza mimi ni nani na nataka kupiga nini, nikaambiwa sawa, ila nisielekeze kamera upande wa kivuko wala nje kuelekea Ikulu, ambayo haiko mbali na pale. Hilo kila mpiga picha wa Dar analijua: Feri ni soko la samaki lililozungukwa na vitu ambavyo askari hapendi vipigwe picha. Kutoka ofisini sikutoa kamera. Nilikwenda kunywa chai na chapati kwa mama lishe, nikakaa kama nusu saa kamera ikiwa mezani, imelala, watu waione. Kamera inayotoka ghafla kwenye begi inashtua watu. Iliyolala mezani karibu na chapati inazoeleka, na watoto wa soko watakuuliza wenyewe ni ya bei gani.

Kisha nikaenda upande wa wakaangaji. Kama hujawahi kufika, pale kuna majiko makubwa ya kuni yamepangwa mstari, makarai juu yake mtu mzima anaweza kuogea, na moshi unaopanda mpaka kwenye paa. Jua la asubuhi linapoingia kwa pembeni, moshi ule unashika mwanga na kuugawa vipande vipande. Kila mpiga picha anayefika pale anachanganyikiwa. Nami nilichanganyikiwa.

Nilinunua vibua vya elfu mbili kwa mama yule, nikala nikiwa nimesimama, tukaongea. Nikamwambia, "Mama, naomba nikupige picha ukiwa kazini." Akacheka. "Subiri basi nijifunge vizuri." Akaweka ushungi sawa, akafuta jasho, akasimama wima mikono ikiwa pembeni kama yuko kwenye picha ya kitambulisho. Nikapiga. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera, akasema amependeza.

Hapo ndipo wengi wanaondoka, wanasema ukiomba ruhusa picha inakufa. Inakufa kweli, ile ya kwanza. Lakini ile ya kwanza ni yake, ndiyo anayoitaka yeye, na inabidi uipige kwa heshima zote, usibonyeze tu ili yaishe. Ukishaimaliza, baki. Mteja atakuja, mafuta yatachemka, kuni zitahitaji kusukumwa ndani. Mtu hawezi kukaanga samaki na wakati huohuo akajipanga kwa ajili ya kamera zaidi ya dakika tano. Nilibaki dakika arobaini. Ile picha iliyokuja kupendwa ilikuwa ya mwisho mwisho: ameinama, uso nusu umo ndani ya moshi, mkono mmoja umeshika chujio, mwingine unakinga mafuta yasiruke machoni.

Nilikuwa na lenzi ya milimita 35, ambayo kwenye kamera yangu maana yake ni kwamba ili nimpate mtu kuanzia kiunoni kwenda juu inabidi nisimame kama mita moja kutoka kwake. Ukiwa hapo huwezi kujificha. Anasikia unavyopumua. Wenzangu wenye lenzi ndefu za milimita 200 wanapata picha ileile wakiwa wamesimama mita sita au zaidi, nyuma ya nguzo, na yule anayepigwa hajui lolote. Sisemi lenzi ndefu ni haramu, ninayo moja ya ndege. Ila sokoni inakuondolea kitu kimoja ambacho mita moja inakupa bure: sura ya mtu anapokukatalia.

Maana watu wetu hawasemi "hapana" kirahisi. Ukimwomba mtu akasema "baadaye," amekataa. Akisema "labda kesho," amekataa na anatumaini kesho hutokuja. Akisema "mwulize yule," anakataa kwa mdomo wa mwenzake. Akiinua kitambaa, akageukia upande wa pili akaanza kupanga vitu ambavyo vimeshapangwa, huyo amekataa kuliko wote. Kuna na "utanipa nini?" ambayo wageni wengi wanadhani ni kuombaomba kwa sababu ya njaa. Mara nyingi ni swali halali la mfanyabiashara: wewe unapata kitu hapa, mimi je? Mtu aliyeuliza hivyo hajakataa. Amefungua mazungumzo.

Basi nilifanya hayo yote. Nilikosea wapi?

Nilimwambia "naomba nikupige picha," naye akaruhusu nimpige. Kuipeleka popote hatukuongea. Kichwani mwangu vitu hivyo viwili ni kimoja, kwa sababu mimi kila ninachopiga napiga ili kionekane. Kichwani mwake picha ni kitu kinachokaa kwenye simu ya mtu, au kwenye albamu, au kinachorudi kwako kikiwa kimetolewa kwenye karatasi. Alinieleza mwenyewe baadaye, nilipokwenda kumwona: "Mimi sikukukataza kupiga. Wewe ndiye hukuniuliza kupeleka." Sentensi hiyo nimeizungusha kichwani wiki nzima nikitafuta pa kujitetea, sikupata.

Na kosa halikuwa maandishi yale ya "Feri" peke yake. Nilipoirudia picha kwenye kompyuta, nikaikuza, niliona vitu ambavyo siku ile sikuviona kwa sababu ya kuduwaa na moshi. Nyuma ya bega lake kuna nguzo yenye rangi ya sehemu ile ya soko. Pembeni kuna kibao cha wakala wa pesa, na namba ya wakala inasomeka. Mtu anayejua Dar hahitaji zaidi ya hapo. Wapo wanaojisifu kwamba kabla ya kuposti wanafuta data ya mahali iliyofichwa ndani ya faili. Ni tabia njema, na simu nyingi zina kitufe cha kuzima jambo hilo ndani ya kamera. Kwenye kompyuta mimi natumia hii:

```
exiftool -gps:all= picha.jpg
```

Inaondoa alama za GPS ambazo kamera au simu huziandika ndani ya picha na kuacha nakala ya faili la awali pembeni. Lakini kwenye kisa hiki isingesaidia lolote, maana kamera yangu haina hata GPS. Mahali palikuwa ndani ya picha yenyewe, na palipobaki nilipaandika kwa mkono wangu. Siku hizi kabla ya kuweka picha ya mtu nafanya zoezi la kijinga kidogo: naziba uso wa mtu kwa kidole gumba, nauliza, je, bila uso huu ningeweza kumfikisha bodaboda hapa? Kama naweza, basi nimeposti anwani ya mtu.

Kuiondoa ilikuwa kazi ya peke yake. Kwenye ukurasa wangu niliifuta usiku uleule. Lakini ilikuwa imeshachukuliwa na kurasa nyingine, na moja, yenye wafuasi wengi kuliko mimi, ilikuwa imeiweka na maneno yake: mama mpambanaji, mjane, analea watoto peke yake kwa moshi wa kuni. Hakuna hata neno moja ambalo mimi nililiandika. Mumewe yuko hai, mvuvi, alikuwa baharini. Aliporudi nchi kavu akakuta amekwisha kufa mtandaoni na watu elfu kadhaa wanamwombea mkewe. Mama alinisimulia sehemu hiyo akicheka, mumewe hakucheka. Aliniuliza swali moja: "Wewe ulimwona ana huzuni?" Nikasema hapana, baba, alikuwa anakinga mafuta. "Basi mbona umempiga kama msiba?"

Swali lile lilinigusa zaidi kuliko karai. Ni kweli kwamba katika picha sitini na kitu za asubuhi ile, nyingi mama anacheka, anabishana bei, anamtania kijana wa barafu. Nilichagua ile moja ambayo mkono unaonekana kama umefunika uso kwa uchungu. Nilichagua kwa sababu nilijua itapendwa. Ukurasa ule uliomfanya mjane haukubuni kitu, ulisoma tu nilichokuwa nimeshakiandika kwa mwanga.

Watu wa masoko yetu wanaposema "mnatuuza nyie," vijana wenye kamera huwa tunacheka, tunaona ni ushamba. Lakini wana kumbukumbu ndefu kuliko yetu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 Zanzibar ilikuwa na studio za Wagoa, mashuhuri wakiwa A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, ambazo pamoja na kupiga picha za wenyeji waliojilipia, zilichapisha kadi za posta kwa ajili ya wasafiri wa meli. Ukizitazama kadi hizo leo utaona wanawake wamevaa kanga, wachukuzi, wauza maji, na chini yake maandishi ya aina ya "mwanamke wa Kiswahili." Jina la mtu halimo. Aliyejilipia ana jina, kwa sababu picha ni yake. Aliyepigwa kwa ajili ya kuuzwa ni "mwanamke." Mimi nami, tuseme kweli, niliandika "Feri, saa kumi na mbili na nusu." Sikuandika hata "mama." Nilimfanya sehemu ya mandhari.

Na kuna upande wa pili wa historia hiyohiyo ambao unanisaidia kuelewa ule ushungi kuwekwa sawa. Studio kama Capital Art ya pale Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ziliishi kwa watu waliokuja kwa miguu yao, wamevaa walichochagua, wakasimama walivyotaka. Bibi zetu wengi picha yao pekee ni ya namna hiyo. Kwa mtu aliyekulia katika mazoea hayo, kupigwa picha ni kama kwenda harusini: unajiandaa. Kumkuta na kanga ya kazi, jasho shingoni, na kuipeleka sura hiyo kwa watu elfu kumi, ni sawa na kuingia chumbani kwa mtu bila kubisha hodi. Wapiga picha tunaita "uhalisia." Yeye anaweza kuita aibu, na sura ni yake.

Sasa naomba hivi. Kwanza naomba kupiga, kama zamani. Nikishamaliza, namwonyesha zile mbili tatu ninazozipenda, kisha natoa simu na kufungua ukurasa wangu hasa, siuelezi kwa maneno. Nasema, "Mama, ningependa hii ikae hapa. Humu wanaona watu wote, wa hapa na wa nje, na mtu anaweza kuichukua akaipeleka kwingine mimi nisiweze kuizuia. Kuna mtu usiyetaka akuone?" Swali la mwisho ndilo linalofanya kazi. Watu hufikiri kidogo, na majibu yanayotoka sikuyatarajia. Kijana mmoja wa kubeba mizigo Kariakoo aliniambia nyumbani kwao Singida wanajua yuko chuo. Dada mmoja muuza mitumba alisema wakwe hawajui kama anafanya biashara. Mwingine alisema "hakuna, weka tu, na jina langu andika, na namba ya simu wateja wanipate." Huyo naye nilimwandikia jina, namba nikamwomba tuiache.

Pili, siweki siku hiyohiyo. Nangoja wiki, namtumia picha Wasapu yeye au mtoto wake mwenye simu, nasema ikifika Jumamosi hujasema kitu nitakupigia nikuulize tena. Kimya sikihesabu kuwa ndiyo. Karibu mtu mmoja kati ya watano hubadili mawazo ndani ya wiki ile, kwa hesabu ya daftari langu mwenyewe, na mara nyingi ni baada ya kuongea na mume, mke au mama mkwe. Picha nzuri nimezipoteza kwa njia hiyo. Zipo kwenye diski, hazijaenda popote.

Wasomaji watauliza: kwa hiyo kila picha ya mtaani lazima uombe kwanza? Hapana, na hapa natofautiana na wenzangu wenye msimamo mkali. Mnada wa samaki alfajiri una watu arobaini wamezunguka jodari mmoja, dalali anapiga kelele, mikono iko juu. Huwezi kumwomba kila mmoja, na ukiwaomba wote mnada utasimama na wewe utafukuzwa, tena kwa haki. Pale napiga tukio. Hakuna mmoja aliye peke yake, na kila aliyepo amejitokeza hadharani mbele ya wenzake. Mikono ya wapara samaki, migongo ya wachukuzi, vivuli ukutani, hivyo pia napiga bila kuomba, ila huwa namwambia mwenye mikono baada ya hapo, kwa sababu ni mazungumzo mazuri.

Kipimo changu ni hiki: kama nikimwondoa mtu huyu mmoja picha bado ipo, nipige, nitaeleza baadaye. Kama nikimwondoa hakuna picha, basi picha ni yeye, na naomba kwanza. Katikati kuna lile tukio la nusu sekunde, mzee amepiga chafya na kofia imeruka, ambalo ukiomba limekwisha. Hilo napiga, halafu hatua inayofuata ni kwake moja kwa moja, kabla sijaangalia kama imetoka. Namsalimia, namwonyesha. Akisema futa, nafuta mbele yake. Kamera yangu ina kadi mbili, kwa hiyo nafuta kwenye zote mbili na namwonyesha zote mbili. Kwa simu, kufuta mara moja hakutoshi: picha inakwenda kwenye pipa, kwa aifoni linaitwa "Recently Deleted," na inakaa humo siku thelathini. Watu wa sokoni wanalijua pipa hilo kuliko unavyodhani. Mzee mmoja aliniambia, "Na kule kwingine pia, kijana."

Kuna ruhusa ambazo siku hizi sizipokei kabisa. Moja ni ya bosi. Ukifika pale kwenye kupara samaki, dalali au mwenye meza atakwambia kwa ukarimu, "Piga tu, hawa ni vijana wangu." Vijana hawatasema kitu, maana kesho wanahitaji kazi. Namshukuru bosi, kisha naanza upya kwa kila mmoja, kwa sauti ya chini, bosi akiwa ameshaondoka. Nyingine ni ya mtoto. Mtoto wa sokoni atakimbilia kamera, atakuomba umpige, atapiga pozi zote anazozijua. Namtafuta mama yake, na nisipompata nampiga, namwonyesha, anafurahi, halafu inafia palepale. Ya tatu ni mtu aliyelala. Nina picha ya kijana amelala juu ya mkokoteni wake Kariakoo mchana wa jua kali, mdomo wazi, miguu imening'inia. Ni picha bora kabisa niliyowahi kupiga, na ninyi hamtaiona. Niliondoka kabla hajaamka, kwa hiyo hata kumuuliza siwezi.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi, mimi si wakili. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na nguzo yake mojawapo ni kwamba taarifa ya mtu iliyokusanywa kwa kusudi moja isitumike kwa kusudi jingine. Ukiisoma huku unamkumbuka mama wa Feri, ni maneno yaleyale aliyoniambia, yeye kwa Kiswahili chepesi zaidi. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019, na Septemba 2023 Kamishna wao wa data alitoza faini zilizowaamsha watu: klabu moja ya starehe Nairobi ilitozwa shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Zile zilikuwa taasisi zinazojitangazia biashara. Lakini ukiwa na ukurasa unaokuletea kazi, jiulize mwenyewe uko umbali gani na klabu ile. Na picha ya mtu ikitoka kwenye ukurasa ikaingia kwenye tangazo, kalenda au jalada, hapo maneno ya mdomo hayatoshi: iandikwe karatasi, isomwe kwa sauti, na alipwe.

Alipwe kiasi gani, na kwa picha ya kawaida je? Kwa picha ya kawaida sitoi hela ili mtu asimame. Nikitoa, wa pili atasimama kwa sababu ya hela, na "ndiyo" yake nitashindwa kuipima. Nanunua bidhaa kwa bei ya kila mtu, na narudisha picha. Pale ninapotolea, kipande cha inchi nne kwa sita ni shilingi elfu moja. Nimegundua kwamba mtu aliyewahi kurudishiwa picha haulizi tena "utanipa nini," anauliza "zile za juzi ziko wapi?" Na atakuitia jirani yake. Wapiga picha wengi wanaosumbuliwa masokoni wanalipa deni la mwenzao aliyeahidi kurudi na hakurudi.

Karai nililinunua. Mama alikataa hela mkononi, akakubali karai, tena akachagua mwenyewe, tukazunguka nalo Kariakoo nzima kwa sababu la kwanza lilikuwa jepesi, la pili lilikuwa na mshikio mbovu. Deni lake alilimaliza kupitia kikundi chao cha kina mama, sehemu hiyo hainihusu. Feri hayupo tena. Yuko mahali pengine, ndani ya mji huuhuu.

Mwezi uliopita nilimpelekea picha aliyoniagiza. Si ile ya moshi. Ni ile ya kwanza, aliyosimama wima, mikono pembeni, ushungi umenyooka, ile ambayo mimi nilikuwa nimeiwekea alama ya kufuta. Aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya mafuta, akaitazama kwa muda, akaiviringisha ndani ya gazeti na kuiweka chini ya kiti.

"Hii sasa ndiyo picha," akasema. "Nyingine nazo?"

Nikamwambia zipo kwenye kompyuta, sijazipeleka popote.

"Haya. Sasa sogea pembeni mwanangu, umesimama mbele ya samaki, wateja hawaoni."